Deni na Kiungamwana: Kukopeshana kwa Ndugu katika Nyanda za Ngorongoro na Karatu

Kiswahili hutofautisha kuazima na kukopa. Kilichoazimwa hurudi chenyewe, kama jembe au ng'ombe. Kilichokopwa hutumika kikaisha, na kinachorudi ni mfano wake. Wafugaji na wakulima wa nyanda za Karatu na Ngorongoro walikuwa na tofauti nyingine iliyo muhimu zaidi, nayo ni kati ya mali idaiwayo na mali isiyodaiwa.

Katika lugha ya Kimaasai, deni huitwa esile. Deni huhesabiwa, hukumbukwa na hulipwa. Kando yake upo uhusiano uitwao osotua, neno ambalo maana yake ya asili ni kiungamwana, yaani ule mshipa unaomuunganisha mtoto na mama yake tumboni. Osotua huanza kwa ombi la mtu mwenye shida. Mwombaji hapaswi kuomba zaidi ya haja yake, na mwombwa hutoa kadiri awezavyo bila kujidhoofisha. Kilichotolewa hakiandikwi wala hakidaiwi. Hata hivyo uhusiano hudumu, na watoto wa wahusika waweza kuurithi. Mtoaji akipatwa na dhiki siku moja, naye ana haki ya kuomba.

Sababu ya utaratibu huu yaonekana katika historia. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka iliteketeza ng'ombe wa Wamaasai, na ndui na njaa vikafuata. Oscar Baumann, Mzungu wa kwanza kuandika habari za kreta ya Ngorongoro, alipita huko mwaka 1892 akakuta watu waliodhoofika kwa njaa. Katika janga la namna hiyo, tajiri wa jana ndiye maskini wa leo. Kumdai ng'ombe mtu ambaye zizi lake ni tupu ni kazi bure, lakini rafiki aliye mbali, ambaye mifugo yake imenusurika, aweza kumpa mitamba ya kuanzia upya. Mwaka 2011 Athena Aktipis, Lee Cronk na mwenzao walichapisha majaribio ya kompyuta yaliyofuata kanuni za osotua. Makundi ya mifugo yaliyosaidiana hivyo yalidumu muda mrefu zaidi kuliko yale yaliyoachwa peke yake.

Wairaki wa Karatu nao walieneza hatari, ila kwa njia iliyokaribia kuazima. Mwenye ng'ombe wengi aliwaweka baadhi yao kwa jamaa na marafiki wa sehemu mbalimbali. Mtunzaji alipata maziwa na samadi; umiliki ulibaki kwa mwenyewe. Hapa masharti yalijulikana tangu mwanzo, kwa kuwa kila upande ulifahamu fungu lake.

Ugomvi huzuka pale mtoaji anapodhani ametoa esile na mpokeaji anadhani amepewa osotua. Tuchukue mfano wa mkulima wa vitunguu wa Mang'ola anayemwomba binamu yake shilingi 200,000. Akitaja mbegu, siku ya mavuno na namna atakavyolipa, anaomba deni. Akitaja ugonjwa wa mtoto na kunyamazia siku ya kulipa, anaomba msaada, hata kama ametumia neno "nikopeshe". Mara nyingi haja hizo mbili huja pamoja. Binamu mwenye busara huzitenganisha: shilingi 120,000 za mbegu ziwe deni, lenye tarehe na shahidi, 80,000 za hospitali azitoe moyoni mwake kama zisizorudi. Bei ya vitunguu ikianguka, atajua ni kiasi gani cha kuahirisha, na ni kiasi gani asikitaje tena. Kama hawezi kuishi bila hizo 80,000, hana budi kutoa pungufu, kwa maana hata osotua haimtaki mtoaji aangamie.

Utengano huohuo umeingia katika vikundi vya kuweka na kukopa. Mtindo wake ulianzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991, na leo vikoba vya Tanzania vinatambuliwa na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Kwa kawaida fedha za hisa hukopeshwa kwa muda na riba iliyokubaliwa, huku mfuko wa jamii ukihifadhiwa mbali kwa ajili ya ugonjwa na misiba. Kikundi kinachochota fedha za hisa ili kumfariji mfiwa huwa kimeanza kubomoka, kwani hakuna atakayethubutu kumdai.

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Watu wa nyanda hizi waliongeza jambo moja: yapo matanga yanayoweza kuepukwa, ikiwa siku ya harusi kila mmoja atajua kama amekopa au amepewa.