Kujumlisha maumbo: kutoka karatasi za Minkowski hadi njia ya roboti

Januari 1909, mjini Göttingen, Ujerumani, ugonjwa wa kidole tumbo ulimuua mwanahisabati Hermann Minkowski akiwa na miaka 44. Miezi michache kabla ya hapo alikuwa ametoa hotuba yake mashuhuri mjini Cologne, akieleza kwamba nafasi na wakati havitenganiki, na wengi humkumbuka kwa hotuba hiyo. Lakini miongoni mwa maandishi aliyoyaacha kulikuwa na kazi ndefu juu ya maumbo yasiyobonyea. Rafiki yake David Hilbert aliyasimamia maandishi hayo mpaka yakatoka kitabuni mwaka 1911. Humo ndimo ilimo hesabu ambayo leo inawaongoza wahandisi wa roboti: kulijumlisha umbo na umbo.

Umbo lisilobonyea ni lile ambalo ukichagua nukta zozote mbili ndani yake, mstari unaoziunganisha hautoki nje. Pembetatu na mraba ni maumbo ya aina hiyo, nyota siyo. Kujumlisha maumbo mawili maana yake ni kuchukua kila nukta ya la kwanza, kuijumlisha na kila nukta ya la pili, kisha kukusanya majibu yote. Kwa poligoni zisizobonyea, inatosha kujumlisha kona kwa kona na kuchora mpaka unaozizingira nukta zote zilizopatikana.

Minkowski hakuwa wa kwanza kulikaribia wazo hili. Mwaka 1840 Jakob Steiner alikuwa ameonyesha namna eneo linavyoongezeka umbo linapotanuliwa kwa umbali uleule kila upande, na mwaka 1887 Hermann Brunn aliwasilisha tasnifu mjini Munich juu ya maumbo kama haya. Mchango wa Minkowski, hasa katika makala yake ya 1903 juu ya ujazo na uso, ulikuwa kujumlisha maumbo yoyote mawili na kuuliza jumla hiyo ina ukubwa gani. Ili kujibu, alilitazama umbo kwa mielekeo: ukielekea upande fulani, umbo linafika umbali gani? Akaona kwamba katika kila mwelekeo, umbali wa jumla ni umbali wa umbo la kwanza ukiongezwa ule wa pili. Basi.

Jambo hilo dogo limebeba mbinu nzima. Kama mielekeo inajumlishwa mmoja mmoja bila kuingiliana, basi kila upande wa poligoni ya kwanza na kila upande wa ya pili lazima uonekane kwenye jumla, ukiwa na urefu na mwelekeo wake uleule. Kinachobaki ni kuzipanga pande hizo kwa pembe zake na kuziunga.

Tuchukue pembetatu yenye kona (0,0), (4,0) na (0,3), pamoja na mraba wenye kona (0,0), (2,0), (2,2) na (0,2). Kona kwa kona, kuna majumlisho 12 ya kufanya, na mengi yataangukia ndani au katikati ya pande, hayatakuwa kona za jibu. Njia ya pande haipotezi nguvu huko. Kila umbo tunalizunguka kinyume na mwendo wa saa, tukianza na kona yake ya chini kabisa. Zikiwa mbili chini, tunachukua ya kushoto. Pembetatu inatupa pande (4,0), (-4,3) na (0,-3). Mraba unatupa (2,0), (0,2), (-2,0) na (0,-2).

Sasa tunaanzia (0,0), ambayo ni jumla ya kona mbili za kuanzia, na kila mara tunachukua upande wenye pembe ndogo zaidi kati ya zile mbili zilizo mbele yetu. (4,0) na (2,0) zinaelekea upande mmoja, hivyo tunaziunga kuwa (6,0) na kufika (6,0). Kisha zinashindana (-4,3) ya pembetatu na (0,2) ya mraba. Hapa hakuna haja ya kutafuta nyuzi; inatosha hesabu ya x1·y2 − x2·y1. Kwa (0,2) na (-4,3) inatoa 0·3 − (-4)·2 = 8. Jibu ni chanya, kwa hiyo (-4,3) iko kushoto zaidi, na (0,2) inatangulia. Tunafika (6,2), halafu (2,5), halafu (0,5), na mwisho pande mbili zinazoshuka zinaungana kuwa (0,-5) na kuturudisha (0,0). Jibu lina kona tano, na kila upande tumeupitia mara moja tu.

Mtu atajuaje kwamba hakukosea? Mzingo wa jumla lazima uwe sawa na mizingo miwili ikijumlishwa. Pembetatu ina 12, mraba una 8, na umbo letu lina 6 + 2 + 5 + 2 + 5, yaani 20. Ukipungua, kuna upande uliosahaulika. Mzingo hauoni mpangilio uliovurugika, kwa mfano pale mtu anapoanzia kona isiyo ya chini. Kosa hilo hujionyesha kwa njia kupinda kulia mahali fulani, wakati inapaswa kupinda kushoto daima.

Eneo nalo lina hadithi yake. Pembetatu ina 6, mraba 4, lakini jumla ina 24. Zile 14 za ziada hazitoki kwa umbo moja peke yake, bali zinazaliwa na kukutana kwa yote mawili, na ndizo Minkowski alizozifanyia nadharia ya ujazo mchanganyiko.

Miaka sabini baadaye swali lilikuja kutoka kwingine. Roboti yenye upana wake ipiteje kati ya vizuizi bila kuvigusa? Mwaka 1979 Tomás Lozano-Pérez na Michael Wesley walichapisha jibu: vinenepeshe vizuizi, kisha ifanye roboti iwe nukta moja. Mwaka 1983 Lozano-Pérez alilipanua wazo hilo na kulipa msingi kamili, na unenepeshaji wenyewe ni ile jumla ya Minkowski, kwa sharti moja: roboti igeuzwe kwanza, kila x na y yake ibadilishwe alama.

Sharti hilo ndilo linalosahaulika. Pembetatu yetu ikiwa kizuizi na mraba ukiwa roboti inayotambuliwa kwa kona yake ya chini kushoto, eneo lililokatazwa si lile tulilopata bali ni lilelile likisogezwa hadi kona (-2,-2), (4,-2), (4,0), (0,3) na (-2,3). Asiyegeuza ataiweka roboti (-1,-1) akidhani ni salama, kumbe mraba wake tayari umeingia ndani ya pembetatu. Nukta ya rejea ikiwa katikati ya mraba, kosa halionekani kabisa, kwa sababu mraba ukigeuzwa unabaki uleule. Litakuja kuonekana siku roboti itakapokuwa na umbo la pembetatu.

Kizuizi kikiwa na ubonyeo, kama ukuta wenye umbo la herufi L, pande hazipangiki tena kwa mzunguko mmoja wa pembe. Njia ya kawaida ni kukikata vipande visivyobonyea, kukijumlisha kila kipande na roboti iliyogeuzwa, kisha kuyaunganisha maeneo. Herufi L inakatwa mistatili miwili, na kazi inafanyika mara mbili.