Majina Matatu ya Mchunga Mbuzi

Wengi wanaoanza kusoma *A Wizard of Earthsea*, riwaya ya Ursula K. Le Guin ya mwaka 1968, hupotelea kwenye majina. Mtoto wa mhunzi wa shaba katika kisiwa cha Gont anaitwa Duny, halafu anaitwa Kipanga, halafu Ged. Ukiweka kitabu kando kwa wiki mbili, ukirudi utadhani ni watu watatu. Ni mtu mmoja, na ukijua kwa nini ana majina matatu, umeshaijua karibu kanuni yote ya uchawi wa visiwa vile.

Duny ni jina la utotoni. Kipanga ni lakabu: vijana wenzake walimpa kwa sababu ndege wakali walimjia akiwaita, na ndilo linalotumika sokoni, melini na shuleni. Ged ni jina la kweli. Alinong'onezwa na mganga Ogion alipotimiza miaka 13, baada ya kuvuka maji baridi ya chemchemi, na hulijua yeye, aliyempa, na wachache mno anaowaamini kwa uhai wake.

Sababu ya usiri huo ni kwamba katika Lugha ya Kale, ile iliyoumba dunia ya Earthsea, jina na kitu havitenganishwi. Anayelijua jina lako la kweli anakumiliki. Hili linaonekana tangu mwanzo, Duny anapowaita mbuzi kwa maneno aliyomsikia dada wa mama yake akiyatamka. Mbuzi wanakuja, wanamsonga, wanamfuata hadi kijijini, naye hajui neno la kuwaachia. Neno lilifanya kazi ingawa msemaji hakulielewa.

Hapa Kiswahili kinatusaidia kuweka mipaka, kwa kuwa tunalo neno kiinimacho. Katika kisiwa cha Roke, kwenye shule ya wachawi, Ged anamwona Mwalimu wa Viinimacho akigeuza kokoto kuwa almasi. Inang'aa, inashikika, lakini bado ni kokoto, na jina lake la kweli, tolk, halijaguswa. Ili iwe almasi kwelikweli lazima jina lenyewe libadilishwe, na hiyo ni kazi ya mwalimu mwingine, Mgeuzaji. Kubadili jina, hata la kipande kidogo hivyo, ni kuibadili dunia, ambayo imekaa katika mizani: mvua ukiileta Roke, huenda ukawa umeleta ukame Osskil. Kwa hiyo unapokutana kitabuni na kitu kilichogeuzwa kuwa kingine, uliza kwanza kama jina limebadilika. Kama halijabadilika, ni kiinimacho tu, na hakuna wa kulipa gharama.

Kanuni hiyo inaweka pia kikomo ambacho wasomaji hukisahau. Mchawi hutawala tu kile anachoweza kukitaja kwa usahihi na kwa ukamilifu. Hawezi kuiamuru bahari yote, maana angelazimika kujua jina la kila ghuba, kila rasi, kila mkondo. Ndiyo maana wanafunzi hukaa mnarani kwa Kurremkarmerruk, Mwalimu wa Majina, wakikariri orodha zisizokwisha. Mimi naona hapo ndipo Le Guin alipowazidi waandishi wengi wa fantasia: nguvu za wachawi wake zina kikomo cha msamiati.

Sasa kivuli, kinachowachanganya wengi kuliko vyote. Kwa kiburi, Ged anaita roho ya mfu, na katika mpasuko alioufungua anapita kiumbe asiye na sura. Gensher, mkuu wa Roke, anamwambia kiumbe huyo hana jina. Ogion baadaye anasema kila kitu kina jina. Usidhani mwandishi amejisahau. Wachawi wawili hawakubaliani, na riwaya nzima ni safari ya kujua nani yuko sahihi. Kabla ya hapo, huko Osskil, kivuli kinajificha ndani ya mwili wa mtu aitwaye Skiorh, kinageuka na kumwita Ged kwa jina lake la kweli. Papo hapo Ged anashindwa kujigeuza kuwa chochote. Mwindaji ana jina la mwindwa, mwindwa hana la mwindaji. Linganisha na joka aitwaye Yevaud: Ged alibahatisha jina lake kutokana na hadithi za zamani, na joka zee likaapa kutofika tena kwenye visiwa vya watu. Kanuni ni ileile, ila mwenye jina amebadilika.

Jibu la jina la kivuli sitalisema. Kama uzi umekukatikia, usirudi mwanzo kabisa. Fungua sura ya 3, ile ya shule ya Roke, uisome polepole, halafu endelea na saba zilizobaki.