Wajapani Wanne na Kijiti Kimoja

Usiku wa Agosti 19, 2016, katika Olimpiki ya Rio de Janeiro, Jamaika ya Usain Bolt ilishinda mbio za kupokezana vijiti za mita 100 mara nne kwa sekunde 37.27. Hilo lilitarajiwa. Waliozua gumzo ni washindi wa pili, Japani, waliotumia sekunde 37.60. Yamagata, Iizuka, Kiryu na Cambridge: hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa amewahi kukimbia mita 100 chini ya sekunde 10.

Siri ilikuwa mkononi. Timu nyingi hupokezana kwa juu: mpokeaji hunyoosha mkono nyuma usawa wa bega, na mwenzake humwekea kijiti kiganjani. Mikono miwili iliyonyooka huziba zaidi ya mita moja ambayo hakuna anayelazimika kuikimbia, ila mpokeaji hupoteza mkao wake wa mbio. Wajapani hupokezana kwa chini. Mpokeaji huacha mkono karibu na nyonga, kiganja kikitazama chini, kidole gumba kikiwa mbali na vingine, na kijiti huingia kutoka chini. Mita ile hupungua, lakini mkimbiaji haachi kukimbia kama kawaida.

Mkono peke yake haumalizi kazi. Mpokeaji hubandika utepe kwenye njia yake, na mwenzake akiukanyaga, yeye huchomoka bila kugeuka tena.

Utepe huo hukaa wapi? Chukua mfano wa kocha anayetaka kijiti kibadilishwe mita 25 kutoka mpokeaji aliposimama. Mpokeaji huzimaliza kwa sekunde 3.2. Anayekuja, kwa kasi ya mita 10 kwa sekunde, atakuwa amekwenda mita 32. Mikono ikiziba mita moja, yeye anahitaji kufika mita ya 24 tu, kwa hiyo utepe hubandikwa mita 8 nyuma ya mpokeaji. Mazoezini, mleta kijiti akimvaa mwenzake, utepe husogezwa nyuma zaidi. Akiachwa, husogezwa karibu.

Kosa la upimaji huu halina msamaha, kwani kijiti lazima kibadilishwe ndani ya eneo la kupokezana, na kinachoangaliwa ni kijiti kilipo, si miguu ya wakimbiaji. Rio hiyohiyo, Marekani ilivuka mstari ikiwa ya tatu, ikanyang'anywa shaba: Justin Gatlin alikigusa kijiti kabla hakijaingia katika eneo hilo, ambalo wakati huo lilikuwa na mita 20. Baadaye sheria ililifanya kuwa mita 30.

Nafasi hiyo pana haikuwaokoa Wajapani nyumbani kwao. Katika fainali ya Tokyo, Agosti 2021, Tada hakumfikia Yamagata kabla ya mwisho wa eneo, kwenye mabadilishano ya kwanza kabisa. Italia ilitwaa dhahabu kwa sekunde 37.50, wenyeji hawakumaliza mbio.