Kuchelewa kwa dawa za sonona

Kuchelewa kwa dawa za sonona ni hali ya kawaida ambapo mgonjwa anayeanza kutumia dawa za kutibu sonona (huitwa pia unyogovu) hungoja wiki kadhaa kabla ya kupata nafuu ya kutosha, ingawa dawa yenyewe huanza kufanya kazi katika ubongo ndani ya saa chache. Tofauti hiyo ya muda ni mojawapo ya sababu zilizowafanya wataalamu watilie shaka maelezo kwamba sonona ni upungufu wa kemikali moja tu.

Asili ya nadharia

Seli za neva hupashana habari kwa kemikali ziitwazo nyurotransmita, kama vile serotonini na noradrenalini. Seli moja humwaga kemikali hiyo katika mwanya mwembamba, seli jirani huipokea kwa vipokezi vyake, kisha sehemu kubwa ya kemikali hurudishwa katika seli iliyoitoa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, huko New York, wagonjwa wa kifua kikuu waliopewa iproniazidi walionekana kuchangamka kupita kawaida. Baadaye dawa hiyo ilihusishwa na kuzuia kimeng'enya kinachovunja kemikali hizo. Mwaka 1957 daktari Roland Kuhn wa Uswisi alitangaza kwamba imipramini hutibu sonona. Nayo huzuia kemikali hizo zisirudishwe. Kutokana na matokeo ya namna hiyo, Joseph Schildkraut alipendekeza mwaka 1965 kwamba sonona inahusiana na upungufu wa noradrenalini, na Alec Coppen mwaka 1967 akasisitiza serotonini.

Kinachotokea katika wiki za kwanza

Mfano ni mgonjwa mtu mzima anayeanza fluoksetini miligramu 20 kwa siku. Dawa huziba njia inayorudisha serotonini, na serotonini huongezeka katika mwanya. Lakini seli zinazoitengeneza, zilizoko katika shina la ubongo, zina vipokezi vyao wenyewe vinavyopima kiasi kilichopo. Vinafanya kazi kama boya la tangi la maji: maji yakipanda, boya hufunga bomba. Vipokezi hivyo vikihisi serotonini imezidi, seli hupunguza kasi ya kuitoa.

Majaribio, hasa ya wanyama, yameonyesha kuwa baada ya wiki mbili au tatu za dawa mfululizo vipokezi hivyo hupoteza wepesi wake, na seli hurudia kasi yake huku njia ya kurudisha ikiwa bado imezibwa. Wakati huohuo utendaji wa jeni hubadilika, na viungo kati ya seli hujengwa upya. Kazi hiyo haiwezi kukamilika kwa siku moja.

Madhara hayangoji. Kichefuchefu, usingizi mbaya na wasiwasi huweza kuanza katika siku za kwanza, na mara nyingi hupungua baadaye. Anayeacha dawa siku ya kumi amepata usumbufu wake bila faida yake. Dalili za mwanzo za nafuu, kama usingizi na hamu ya kula, zinaweza kuonekana ndani ya wiki mbili, na huenda jamaa wakaziona kabla ya mgonjwa mwenyewe. Kwa kawaida daktari hupima matokeo kati ya wiki ya 4 na ya 6. Kama hakuna badiliko lolote, huongeza dozi au hubadilisha dawa. Kwa vijana walio chini ya miaka 25, uangalizi wa karibu unahitajika mwanzoni, kwa sababu mawazo ya kujiua yanaweza kuongezeka. Yakitokea, msaada wa daktari utafutwe mara moja.

Mipaka ya nadharia

Nadharia ya nyurotransmita inaeleza vizuri dawa hushika wapi na kwa nini huleta madhara fulani. Lakini dawa kusaidia si uthibitisho wa chanzo cha ugonjwa: parasetamoli hushusha homa ya malaria, lakini malaria haisababishwi na upungufu wa parasetamoli.

Watu wenye afya wakipunguziwa serotonini kwa chakula maalumu, kwa kawaida hawapatwi na sonona. Hata hivyo, baadhi ya waliopona kwa dawa zinazoongeza serotonini hurudiwa na dalili kwa muda. Hii inaonyesha kuwa serotonini ina nafasi katika kupona kwao, bila kuonyesha kuwa upungufu wake ndio ulioanzisha ugonjwa.

Ketamini nayo inaweza kuleta nafuu ndani ya saa chache, ikipitia hasa mfumo wa nyurotransmita nyingine, glutamati. Kwa hiyo kungoja wiki nyingi si sharti la kila tiba. Nadharia hiyo pia haielezi kwa nini wagonjwa wengi hawaponi kwa dawa ya kwanza, wala jinsi msiba, dhiki ya muda mrefu na urithi vinavyochangia ugonjwa.