Chumba Masta, Luku Yake: Historia ya Msamiati wa Tangazo la Nyumba ya Kupanga Dar es Salaam

Ikisiri

Makala haya yanachunguza msamiati wa tangazo la nyumba ya kupanga jijini Dar es Salaam kama ushahidi wa historia ya makazi. Hoja inayojengwa ni kwamba karibu kila sifa inayotajwa katika tangazo ilianza kama ukanushi wa hali fulani ya nyumba iliyotangulia, hususani nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita. Aidha, makala yanaonyesha namna jina la mtaa linavyoweza kumpoteza msomaji pale linapoachwa bila kituo.

Utangulizi

Matangazo ya nyumba hayajapewa uzito mkubwa na wanaisimu wa Kiswahili. Wanaoyagusa huishia kuyalaumu kwa kuchanganya lugha, kana kwamba mwandishi wake ni dalali asiyejua Kiswahili. Lawama hiyo inaficha jambo la msingi. Dalali ana sentensi chache tu za kumfanya mtu atoke Temeke aende Kimara kuona nyumba, kwa hiyo hatumii neno lisilo na kazi. Neno likidumu katika tangazo kwa miaka mingi, lipo jambo ambalo wapangaji wanaliuliza kila siku.

Tangazo lifuatalo limetungwa kwa kufuata ruwaza ya kawaida, bila kunakili tangazo la mtu yeyote, nalo ndilo litakaloongoza mjadala:

"Nyumba inapangishwa Mbezi. Vyumba viwili, kimoja masta, sebule, jiko, choo cha pablik. Luku yake, maji ya Dawasa, ndani ya fensi, wapangaji wawili tu. Dakika tano toka lami. Kodi laki tatu na nusu kwa mwezi, malipo miezi sita. Dalali mwezi mmoja."

Nyumba isiyotajwa

Ili kulielewa tangazo hili ni lazima kwanza ieleweke nyumba ambayo halikuitaja. Chini ya utawala wa Waingereza, jiji liligawanywa katika kanda kwa kigezo cha aina ya jengo, kigezo ambacho kwa vitendo kilitenganisha watu kwa rangi. Ndiyo maana lugha ya wakazi ilizaa majina matatu, yaani Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na kati ya maeneo hayo uliachwa uwanda wa wazi wa Mnazi Mmoja. Kariakoo, ambayo jina lake limetokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na baadaye Ilala na Magomeni, zilijaa nyumba ya Kiswahili. Hiyo ilikuwa na baraza mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu kila upande, na uani nyuma palipokuwa na choo, bafu na mahali pa kupikia.

Kilichopangishwa katika nyumba hiyo kilikuwa chumba. Mwenye nyumba aliweza kuishi katika chumba kimoja au viwili na kupangisha vilivyobaki, na kaya zote zikatumia choo kimoja, bomba moja na uani mmoja. Chumba cha namna hiyo hakikuhitaji maelezo marefu. Habari ilipita barazani au kwa mdomo wa dalali wa mtaa, na maswali yalikuwa mawili: chumba kiko mtaa gani, na kodi ni kiasi gani.

Upande wa ghorofa mambo yalikuwa tofauti. Shirika la Nyumba la Taifa lilianzishwa mwaka 1962, na mwaka 1971 sheria ya utaifishaji wa majumba ikatwaa majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 ambayo wenyewe hawakuishi humo. Majengo mengi ya katikati ya jiji na Upanga yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, ambaye shughuli zake zilihamishiwa Shirika la Nyumba mwaka 1990. Katika mfumo huo fleti haikunadiwa. Mtu aliomba kwa barua, akasubiri, akagawiwa. Kitenzi chake kilikuwa "kugawiwa", na kitenzi hicho hakina haja ya tangazo, kwa kuwa anayegawiwa hachagui. Hata pale ambapo fleti ilipita mkono hadi mkono kwa fedha ya kilemba, jambo hilo lilifanyika kwa siri, na jambo la siri halitangazwi.

Kwa hiyo tangazo lenye orodha ya sifa ni tanzu changa. Lilipata nafasi pale soko la nyumba za watu binafsi lilipopanuka kuanzia miaka ya 1980 na 1990. Sheria ya udhibiti wa kodi ya mwaka 1984 ilipofutwa mwaka 2005, bei na masharti yakaachiwa maelewano ya pande mbili. Hapo ndipo maelezo yalipoanza kuwa na thamani ya fedha.

Ukanushi uliogeuka sifa

Tangazo letu sasa linaweza kusomwa upya. "Kimoja masta" maana yake ni kwamba chumba hicho kina choo na bafu ndani, yaani mpangaji hatatoka uani usiku na kandambili na taa. "Ndani ya fensi" inakanusha uani ulio wazi kwa mtaa mzima. "Wapangaji wawili tu" inakanusha zile kaya nyingi za ukumbi mmoja. Msomaji asiyeijua nyumba ya Kiswahili angeona ajabu kwamba uchache wa majirani unauzwa kama sifa.

Neno "masta" linastahili kuangaliwa kwa undani zaidi, kwa sababu ndilo linaloshambuliwa sana. Limetoka Kiingereza, lakini tabia yake si ya Kiingereza tena. Linakuja baada ya nomino ("chumba masta"), halichukui kiambishi cha upatanisho ("vyumba viwili masta"), na linaweza kusimama kama kiarifu ("kimoja masta"). Hiyo ni tabia ile ile ya vivumishi visivyobadilika kama "safi", "rahisi" na "hodari". Maana nayo imejitenga. Katika Kiingereza neno hilo hutaja chumba kikuu cha kulala, lakini Dar es Salaam chumba pekee cha kupanga, hata kikiwa kidogo kiasi gani, ni "masta" mradi choo kimo ndani. Kulisahihisha kwa kuandika "chumba kikuu" kungekuwa kosa la ukweli, wala si usafishaji wa lugha.

"Choo cha pablik" ni mtego wa aina nyingine. Mgeni hudhani ni choo cha wapita njia. Katika tangazo la nyumba nzima, hicho ni choo cha pili kilichomo ndani ya nyumba, cha watoto na wageni, tofauti na kile cha masta. Katika tangazo la chumba kimoja, neno hilo hilo hutaja choo cha nje kinachotumiwa na wapangaji wote. Maana haiamuliwi na neno lenyewe bali na kitu kinachotangazwa, na mpangaji asiyelijua hilo hulipia safari ya bure.

Kisha iko "luku". Ni akronimu ya Lipa Umeme Kadri Utumiavyo, mita ya malipo ya kabla iliyoletwa na TANESCO miaka ya 1990. Kabla yake, bili ya umeme ya nyumba yenye kaya nyingi iligawanywa kwa kichwa au kwa chumba, na ugomvi wa nani ana pasi na nani ana friji ulikuwa sehemu ya maisha ya ukumbini. Luku haikuumaliza ugomvi huo. Iliuhamisha tu, maana nyumba nyingi zilibaki na mita moja, na swali likawa ni zamu ya nani kununua umeme. "Luku yake" ni ahadi kwamba swali hilo halitaulizwa. Akronimu imekuwa nomino ya kawaida kabisa, na anayeisema hafikirii tena herufi zake nne.

Sifa hizi zote huunganishwa na kitenzi kimoja: "inajitegemea". Nyumba inayojitegemea ina choo chake, mita yake na mara nyingine geti lake. Kitenzi hiki ni cha zamani na hakikuhitaji siasa ili kiwepo, lakini kwa kizazi kilichosoma baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 kilibeba uzito wa taifa zima. Katika Azimio, anayejitegemea ni jamii iliyounganisha nguvu zake. Katika tangazo, kujitegemea ni kutoshirikiana na jirani bomba wala choo. Umbo ni lile lile na maana ya msingi ni ile ile. Kilichobadilika ni mtenda, kutoka umma hadi kaya moja nyuma ya ukuta.

Mtaa na kituo

Jina la mahali katika tangazo ni mara chache kuwa jina la kata. Huwa ni jina la kituo cha daladala: Sinza Mori, Sinza Kijiweni, Tabata Relini, Kimara Temboni. Mpangaji haulizi mipaka ya utawala. Anauliza atashukia wapi. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza kazi mwaka 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, ukaribu na kituo chake nao ukawa sifa ya kutajwa. Matangazo ya mtandaoni yameongeza desturi mbaya: mwishoni hubandikwa majina ya mitaa minne au mitano ya jirani ili nyumba ionekane katika utafutaji. Ishara ya kuitambua hila hiyo ni rahisi. Majina yakiwa mengi na kituo kisitajwe, nyumba iko mbali na yote.

"Dakika tano toka lami" nayo ina pengo lake, kwani haisemi ni kwa mguu au kwa bodaboda. Wanaojua hupiga simu kuuliza nauli ya bodaboda kabla ya kuuliza kodi. Na kodi yenyewe haiko pale ilipoandikwa. Laki tatu na nusu mara miezi sita ni shilingi 2,100,000. Ikiongezwa ya dalali, 350,000, mpangaji anatakiwa awe na 2,450,000 siku ya kukabidhiwa ufunguo. Kiasi kilichotangulizwa katika tangazo ni sehemu moja ya saba ya fedha inayohitajika, na bado haijahesabiwa ada ambayo madalali wengi hutoza kwa kumpeleka mtu kuiona nyumba.

Lakini kosa kubwa la tangazo hili liko katika sentensi ya kwanza. Dar es Salaam ina Mbezi mbili. Iko Mbezi Beach, upande wa bahari, ambako mtu hufika kwa Barabara ya Bagamoyo. Na iko Mbezi iliyo mbele ya Kimara, katika Barabara ya Morogoro. Hadhi zake sokoni si sawa hata kidogo. Neno moja, "Beach", ndilo linalozitenganisha, na dalali ambaye nyumba yake iko ufukweni hawezi kulisahau neno hilo. Kutokuwepo kwake kunamwambia msomaji mzoefu ashike basi la Barabara ya Morogoro.