Ankara ikiandikwa ‘2/10 net 30’, unalipa lini?

Duka la vifaa vya ujenzi limepokea ankara ya Sh1,000,000 ya Juni 1. Chini imeandikwa ‘2/10 net 30’. Maana yake, likilipa ndani ya siku 10, yaani hadi Juni 11, linakatiwa asilimia 2 na kutoa Sh980,000. Likipitisha hapo linadaiwa yote, mwisho Julai 1.

Sh20,000 inaonekana hela ndogo. Lakini anayesubiri hadi Julai 1 ni kama amekopa Sh980,000 kwa siku 20 tu na kulipia Sh20,000. Kwa mwaka, hiyo ni riba ya karibu asilimia 37. Hata kukopa benki kwa asilimia 20 ili kuwahi punguzo kunalipa, maana riba ya siku hizo 20 ni kama Sh10,740, kama hakuna makato mengine.

Kulipa siku ya 15 ndiyo hasara zaidi: punguzo limeshapita, na pesa imetoka mapema bure.

Wengi huponzwa na kalenda. Siku kwa kawaida huhesabiwa kuanzia tarehe ya ankara, si mzigo ulipofika. Mzigo ukiingia Juni 8, zimebaki siku tatu tu, labda muwe mmekubaliana vingine.