Sanskrini juu ya mekapu: stiki, spreyi au poda?

Sanskrini, yaani krimu ya kukinga jua, ukiipaka saa kumi na mbili asubuhi haifiki adhuhuri ikiwa nzima. Jasho huiteremsha, mafuta ya ngozi huivuruga, na leso ya kupangusia uso huondoka na sehemu yake. Ndiyo maana chupa zenyewe huandikwa kwamba ipakwe tena kila baada ya saa mbili ukiwa juani. Kwa aliyetoka na uso mtupu hilo ni jambo jepesi. Kwa aliyetoka na fondesheni, poda na rangi ya mashavu, kupaka krimu upya ni kuuvuruga uso aliouhangaikia tangu alfajiri, na wengi huamua kuacha.

Anayeumia zaidi kwa kuacha ni yule anayetibu madoa meusi ya mashavuni na juu ya mdomo, hasa yale yanayokuja na mimba au dawa za kupanga uzazi. Ngozi nyeusi haibabuki upesi kama nyeupe, lakini hushika doa upesi, na doa lililofifia kwa miezi ya matibabu laweza kurudi kwa jua la siku chache tu. Huku kwetu mwambao, msimu wa kaskazi, kipimo cha miale ya jua saa sita mchana hupita 11, nalo ndilo daraja la juu kabisa la hatari.

Madukani utakuta vitu vitatu vinavyouzwa kwa kazi hii: poda ya brashi, spreyi na stiki. Havilingani, na kinachovitofautisha ni kiasi kinachobaki usoni.

Namba ya SPF hupatikana maabara kwa kupaka miligramu 2 kwenye kila sentimita moja ya mraba ya ngozi. Kwa uso wa mtu mzima, bila shingo wala masikio, hiyo ni takriban gramu moja kasoro kidogo. Ukipaka nusu yake, hupati kinga iliyoandikwa kwenye chupa. Kwa sababu hiyohiyo fondesheni iliyoandikwa SPF 15 haitoshi peke yake, kwani hakuna anayepaka fondesheni nyingi kiasi hicho akaonekana mtu.

Sasa itazame poda. Brashi yenye poda ya kukinga jua ndani yake mara nyingi hubeba gramu kama 4. Kama kila upakaji ungekuwa wa kiasi cha maabara, brashi ingeisha kwa mara nne au tano. Wenye nazo hukaa nazo miezi. Maana yake ni kwamba kinachofika usoni ni vumbi tu la kile kilichopimwa. Sisemi uitupe: hukausha mng'ao, hukaa vizuri juu ya mekapu, na huongeza kinga kidogo juu ya ile iliyopo. Iwe ya kumalizia, isiwe ndiyo kinga yenyewe.

Spreyi ina balaa lake. Ukungu unaokauka mara moja haujafunika kitu, na ili ufunike lazima uso uonekane umelowa, na fondesheni iliyolowa hushuka. Pale feri au ufukweni nusu yake inachukuliwa na upepo. Tena haifai kuvutwa puani wala kuingia machoni, kwa hivyo kujipulizia usoni moja kwa moja si jambo la kufanya. Itumie mikononi na miguuni, palipo wazi, kisha uisambaze kwa kiganja.

Iliyobaki ni stiki, na kwa uso wenye mekapu hiyo ndiyo ningeinunua kwanza. Ni nzito, haichuruziki machoni, na unaona wapi umepita. Ubaya wake ni kwamba ina nta. Ukiiburura juu ya poda, huikokota fondesheni na kuacha vijipande kama makombo ya kifutio. Dawa yake ni kuibonyeza badala ya kuiburura, na kuipaka kabla ya poda mpya, si baada yake.

Chukua mfano wa dada anayevuka Likoni kwenda kazini mjini. Asubuhi amepaka krimu ya SPF 50 kwa kipimo cha kutosha, akaiacha ikauke kama robo saa, ndipo akaweka mekapu. Mchana kutwa yuko ndani, mbali na dirisha. Huyu hana haja ya kujipaka kila saa mbili akiwa mezani. Haja yake ni kabla ya kutoka saa saba kwenda kula, na tena saa kumi kabla ya kupanga foleni ya feri. Akiwa hutawadha kwa ajili ya adhuhuri na uso wake unaoshwa, basi kazi imekuwa rahisi: apake krimu ya kawaida kwenye uso safi, kisha mekapu nyepesi. Yanayofuata ni ya yule ambaye mekapu yake bado iko.

Aanze kwa kufyonza jasho na mafuta kwa tishu, akiibonyeza na kuiinua bila kusugua. Hatua hii ndiyo wengi huiruka, na ndiyo inayoharibu kila kitu, kwa sababu sanskrini ikikutana na jasho hutengeneza uji. Kisha aipake stiki nyuma ya mkono wake, mipako minne au mitano mpaka ilainike, aichukue kwa sponji iliyoloweshwa na kukamuliwa kabisa, aibonyeze usoni sehemu moja baada ya nyingine: paji la uso, pua, mashavu, juu ya mdomo, kidevu. Sponji kavu huinywa stiki yote, kwa hivyo hiyo ya kuloweshwa si mapambo. Safu moja haitoshi. Arudie mara ya pili, na mahali penye madoa mara ya tatu. Asubiri dakika mbili au tatu, ndipo poda ipite juu kwa wepesi.

Makombo yakitokea, asiendelee kusugua. Ayaokote kwa kona ya sponji na arudishie fondesheni kidogo hapo tu. Yakitokea kila siku, basi stiki na fondesheni hiyo hazipatani, mara nyingi moja ni ya silikoni na nyingine ni ya maji. Ajaribu kwanza kando ya taya kabla ya kuihukumu.

Rangi ya kijivu usoni ni kasoro nyingine. Inatokana na oksidi ya zinki au ya titani, ambazo ni nyeupe, na kwenye ngozi zetu huonekana kama majivu. Tafuta stiki yenye rangi ya ngozi. Rangi hiyo hutoka kwenye oksidi za chuma, nazo huzuia pia mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho, ambao huchochea madoa na ambao sanskrini isiyo na rangi huupitisha. Kwa mwenye madoa, basi, stiki ya rangi inashinda ile isiyoonekana, hata kama namba zao za SPF ni sawa.

Na usiiache ndani ya gari lililoegeshwa juani. Ikiyeyuka na kuganda tena, viungo vyake havikai sawa, na ukiona imetoa matone ya mafuta au ina chembechembe ukiipitisha mkononi, nunua nyingine.